Hinji imeng'oka, kona imepasuka, na niliambiwa hii laptopu ni ya chuma. Alumini, magnesiamu au plastiki?

KonaImefunguka
Wakuu habari zenu. Jana nafungua laptopu kama kawaida nikasikia kraa! upande wa kushoto, kona ya fremu ya kioo ikaachia ikabaki wazi kama mdomo, na nikijaribu kufunga kava la chini linanyanyuka pale pale chini ya hinji. Sijaidondosha hata siku moja, ina miaka mitatu tu. Kinachoniuma ni kwamba niliinunua kwa sababu ni ya chuma, mfuniko wake ukiugusa asubuhi ni wa baridi kama sufuria, sasa chuma kinavunjikaje kwa kufungua tu?

Swali langu ni mawili. Hii inatengenezeka? Na nikinunua nyingine nichukue mwili gani, alumini, magnesiamu au plastiki? Naibeba mgongoni kila siku na mara nyingi naitumia nikiwa nimeiweka mapajani kwa hiyo uzito na joto vyote vinanihusu. Wajuzi shusheni nondo.

AluminiTu
Mkuu ulipigwa, hiyo sio chuma ni plastiki imepakwa rangi. Chukua alumini umalize kazi. Alumini haivunjiki, na faida kubwa ni kwamba mwili mzima unapoza prosesa, plastiki inafungia joto ndani ndo maana mashine za plastiki zinakufa mapema. Uzi ufungwe.

BisibisiNambaSifuri
Uzi usifungwe bado 😄

Mleta mada, kabla ya kulaumu mfuniko fungua kava la chini uangalie hinji imefungwa kwenye nini. Nakuambia hivi kwa sababu laptopu inayopita mezani kwangu ikiwa na malalamiko kama yako, mara nyingi mfuniko kweli ni alumini lakini ni bati jembamba tu limegundishwa juu, halafu sehemu inayobeba kibodi na mazabodi ni plastiki tupu. Kwa hiyo muuzaji hakukudanganya moja kwa moja, alikuonyesha upande mmoja wa ukweli.

Ndani ya hiyo plastiki kuna vinguzo vidogo, kila kimoja kimepachikwa bushi ya shaba ya njano yenye hesi ndani, imezamishwa kwa joto wakati plastiki iko laini. Skrubu za hinji zinaingia kwenye hizo bushi. Hinji yenyewe ni chuma kigumu, haivunjiki kirahisi, ila kila ukifungua mfuniko nguvu yote ya kuzungusha inaishia kwenye vinguzo vitatu au vinne vyenye unene wa milimita chache. Mafuta ya hinji yakikauka inakaza zaidi, au skrubu moja ikilegea inaanza kucheza, basi kinguzo kinapata ufa, kinachofuata ni bushi kutoka na kipande cha plastiki bado kimeishika. Hiyo kraa uliyosikia ni hiyo.

Sasa mashine ambayo sehemu ya kibodi ni alumini iliyochongwa au magnesiamu iliyomiminwa, skrubu inaingia kwenye hesi iliyokatwa ndani ya chuma chenyewe. Hapo huwa sikuti kinguzo kimeng'oka, nakuta skrubu zimelegea tu, nazikaza kazi imeisha. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji sio "ni ya chuma?", ni "hinji imeshikilia nini?"

KonaImefunguka
Aisee. Ngoja nitafute bisibisi nyota nifungue. Kuna namna ya kujua ni plastiki gani?

BisibisiNambaSifuri
Ndiyo, ndani ya kava tafuta maandishi madogo yaliyochapwa kwenye plastiki yenyewe, huwa yako katikati ya mishale miwili, mfano `>ABS<` au `>PC+ABS<`. Yenye PC, yaani polikaboneti, inavumilia zaidi kuliko ABS peke yake. Ukikuta sehemu haina hayo maandishi, ni ya kijivu, ukikwaruza kidogo mahali pasipoonekana inang'aa kama fedha, hiyo ni metali. Sumaku haitakusaidia, alumini na magnesiamu zote hazishiki.

Kabla ya yote zima mashine na uchomoe waya wa betri kwenye mazabodi.

Tumbili_wa_Waya
Mimi yangu ni ya plastiki ikipata moto inazima yenyewe, kumbe ni mwili! Nilikuwa nasingizia prosesa. Asante kwa uzi, natafuta ya alumini.

BisibisiNambaSifuri
Hapana hapana, usikimbie. Ya kwako ni swali lingine kabisa, fungua uangalie mapezi ya shaba pale feni inapotolea hewa, nakuwekea dau utakuta blanketi la vumbi. Safisha, badilisha pesti ya prosesa, ndo uje tuongee.

Na hapa @AluminiTu niruhusu nikupinge. Kwenye laptopu yenye feni joto la prosesa linapita kwenye bomba la shaba, linafika kwenye mapezi, feni inalipuliza nje. Mwili haugusani na prosesa, katikati kuna nafasi ya hewa imewekwa makusudi ili mapaja yako yasiungue. Ukibadilisha kava la plastiki ukaweka la alumini prosesa haitahisi tofauti kubwa. Mambo yanabadilika kwenye mashine zisizo na feni, kama MacBook Air ya mwaka 2020 yenye chipu ya M1, pale mwili wa alumini kweli ndio unaosaidia kutoa joto nje kwa sababu hakuna njia nyingine ya maana.

AluminiTu
Sawa mkuu lakini mbona alumini yangu naisikia ina moto na ya mwenzangu ya plastiki haina? Si maana yake yangu inatoa joto na yake imelifungia?

Nusu_Saa_Zaidi
Hapa naomba niingie, nafundisha fizikia. Kugusa sio kupima. Asubuhi mashine zote zimezimwa usiku mzima chumba kimoja, zina joto sawasawa kabisa, lakini ya alumini utasema ni ya baridi. Kwa nini? Kwa sababu alumini inanyonya joto la kidole haraka, plastiki inanyonya polepole. Mchana mambo yanageuka: zote mbili zikifika nyuzi 45 juu, alumini inakumwagia joto kwenye ngozi haraka, plastiki inakupa kidogo kidogo. Kwa hiyo mkono wako unakuambia mwendo wa joto, haukuambii ni nyuzi ngapi.

Tofauti yenyewe sio ndogo. Aloi za alumini zinazotumika sana zinapitisha joto mara mamia kadhaa kuliko plastiki. Magnesiamu ya kumimina iko chini ya alumini, kama nusu yake au pungufu, lakini bado ni mbali sana na plastiki.

Faida ya metali ni kwamba inasambaza. Kwenye plastiki utakuta doa moja la moto karibu na prosesa na pembeni pako poa, kwenye alumini joto linatandaa kote, hakuna doa kali ila hakuna pa kukimbilia pia 😂

KonaImefunguka
Kwa mtu wa mapajani kama mimi sasa?

Nusu_Saa_Zaidi
Plastiki ni rafiki kwa ngozi, huo ndo ukweli hata kama haupendezi. Ila usizibe matundu ya chini, hapo mwili wowote utakuchoma.

dadaKeboo
Nina swali linalokaribiana. Yangu ni alumini, nikichaji halafu nikipitisha mkono juu yake taratibu nahisi kama inatetemeka, kama mchanga mwororo hivi, nikichomoa chaja inaacha. Mume wangu anasema nawaza. Nawaza kweli?

BisibisiNambaSifuri
Huwazi dada. Hiyo chaja ni ya pini mbili bila shaka. Ndani ya chaja kuna kapasita ya kuzuia kelele za umeme, inavujisha mkondo mdogo sana kwenye mwili wa metali, kwa kuwa hakuna waya wa ethi basi njia yake ni wewe. Ukitumia waya wa pini tatu kwenye soketi yenye ethi ya kweli inaisha, kama chaja yako inakubali waya huo. Ukihisi inakupiga kabisa badala ya kutekenya, acha kuitumia hiyo chaja. Mashine za plastiki zina jambo hilo hilo, ila hugusi metali ndo maana husikii.

dadaKeboo
Nampelekea simu asome mwenyewe 😌

MgongoUnauma
Mimi natembea na laptopu siku nzima, nachangia kwenye uzito. Jibu ni plastiki, metali ni mzigo, mbona iko wazi.

Nusu_Saa_Zaidi
Haiko wazi hivyo ndugu. Tuchukue mfuniko wa sentimita 32 kwa 22, bamba tupu, na tuupime kwa kichwa. Alumini ya unene wa milimita 1 itakuja kama gramu 190. Magnesiamu unene huo huo ni kama gramu 127. Plastiki ya `PC+ABS` ingekuwa 81 tu, lakini hakuna anayetengeneza mfuniko wa plastiki wa milimita 1, utakuwa unanesa kama karatasi na kioo kitapasuka ukiubonyeza. Kwa hiyo wanaweka milimita 2, na hapo plastiki inafika gramu 162. Tayari imeipita magnesiamu kwa uzito.

Na bado haijaifikia kwa ukakamavu. Ukikokotoa kunesa, hiyo plastiki ya milimita 2 haifiki hata nusu ya ukakamavu wa magnesiamu ya milimita 1. Ndo maana laptopu nyepesi nyepesi zile za inchi 14 chini ya kilo moja hukuti ni plastiki ya kawaida, unakuta ni aloi ya magnesiamu au nyuzi za kaboni. LG Gram ni magnesiamu, ThinkPad X1 Carbon jina lake tu linajieleza.

MgongoUnauma
Duh. Lakini mbona niliwahi kushika moja ya magnesiamu nikadhani ni plastiki? Nilimrudishia jamaa nikamwambia hii ni ya bei rahisi.

BisibisiNambaSifuri
Wengi wanakosea hapo. Magnesiamu ikiachwa wazi inaliwa na unyevu na jasho haraka, kwa hiyo lazima ipakwe rangi au dawa, mkono wako unagusa rangi haugusi metali. Jumlisha na wepesi wake, ubongo unasema plastiki. Alumini inatiwa tabaka lake gumu la oksidi, unaigusa karibu mubashara, ndo maana inaonekana ya kifahari.

Ubaya wa magnesiamu uko hapo hapo. Rangi ikikwaruzika pale unapolaza viganja, jasho likaingia, utaona vipele vidogo vinainua rangi na unga mweupe chini yake. Ukiona hivyo kwenye mashine iliyotumika, usifikiri ni uchafu. Na angalia karibu na skrubu za chuma, metali mbili tofauti pamoja na jasho hapo ndo panaanza kuliwa.

Fyuzi_Imekata
Jamani magnesiamu si ndo ile tulichoma darasani ikawaka mwanga mweupe mpaka mwalimu akatuambia tugeuze macho? Na betri ya lithiamu ndani yake? Mimi hapana, sitaweka bomu mapajani.

Nusu_Saa_Zaidi
Ile ilikuwa utepe mwembamba, joto halina pa kukimbilia. Kipande kizima cha laptopu kinasambaza joto kwenye mwili wote, na kinayeyuka karibu nyuzi 600 kwa aloi zenyewe. Betri ikiwaka vibaya utakuwa na tatizo bila kujali mwili ni wa nini.

BisibisiNambaSifuri
Ila hofu yake ina nusu ya ukweli. Usitoboe wala kupiga tupa kava la magnesiamu nyumbani. Unga wake na chenga zake zinawaka kirahisi, na ukimwagia maji unachochea. Kuna kijana alitaka kupanua tundu la skrubu kwa drili kwenye benchi la jirani yangu, chenga zimejaa mezani na pembeni kachomeka chuma cha kulehemu. Tulimzuia kabla ya chochote kutokea, hakuelewa kwa nini tunapiga kelele.

AluminiTu
Haya nimekubali kuhusu joto, lakini kwenye kudumu alumini bado ni baba. Haivunjiki.

mbebaBegiJekundu
Haivunjiki ila inapinda na haisahau. Yangu ya alumini ilianguka na begi, kimo cha kiti tu, kona ya nyuma ikabonyea ndani. Kwa macho ni kovu dogo. Kumbe pale ndo kuna tundu la kuchajia, likabanwa, waya hauingii, nilisukuma mpaka nikaharibu na ncha ya waya. Fundi akaninyooshea kwa koleo na kitambaa, ikaingia lakini mpaka leo lazima niishike kwa pembe fulani. Ya plastiki ya mdogo wangu ilianguka ngazi mbili ikadunda, ikapata mkwaruzo ikaendelea na maisha.

BisibisiNambaSifuri
Umeeleza vizuri kuliko ningeweza. Plastiki inanesa na kurudi, mpaka siku inapopasuka. Alumini inapinda na kubaki ilivyopinda. Magnesiamu ya kumimina ni ngumu lakini haina uvumilivu wa kupinda, ikipigwa sana kona inameguka au inapata ufa, haibonyei. Kuna mashine za kazi kama ThinkPad T60 ya 2006 zilitatua kwa kuchanganya, fremu ya magnesiamu ndani inabeba mazabodi na hinji, plastiki nje inapokea vipigo. Binafsi naona ule ulikuwa mpango bora kuliko urembo wa sasa, lakini zilikuwa nene, watu wanataka nyembamba.

Alumini ikibonyea chini, upande wa betri, msiipuuze. Fungua uone kama bati linasukuma betri.

AluminiTu
Yangu nimeivalisha kava gumu la plastiki la kubana juu na chini, haiwezi kubonyea.

BisibisiNambaSifuri
Na hapo umeongeza uzito kwenye mfuniko ambao hinji inaubeba, na kava la chini linalizuia lile joto ambalo ulisema unaipenda alumini kwa kulitoa 😄 Kwa begini sawa. Ukikaa mezani kufanya kazi nzito lile la chini livue.

AluminiTu
Nitalivua. La juu silivui.

KonaImefunguka
Nimerudi. Nimefungua. Mkuu Bisibisi ulikuwepo humu ndani au? Mfuniko ni alumini kweli ila sehemu ya kibodi imeandikwa `>PC+ABS<`, hinji ya kushoto bushi mbili kati ya tatu zimetoka na vipande vyake, ya tatu imesimama ila kinguzo kina ufa. Hinji ya kulia iko salama ila skrubu moja nimeizungusha kwa vidole, ilikuwa imelegea!

BisibisiNambaSifuri
Vipande vyote vipo? Basi inatengenezeka. Kaza hiyo ya kulia kwanza ukiwa umeikumbuka.

Ya kushoto, kwarua plastiki kwa msasa mdogo pale kinguzo kilipokuwa, futa kwa spiriti, usitumie asetoni kwa sababu itayeyusha plastiki. Bushi zifunge kwenye hinji kwa skrubu zake kwanza, hizo skrubu uzipake vaselini kidogo ili gundi isizinase, halafu laza hinji mahali pake. Hivyo bushi zitakaa sawa zenyewe, ukizigundisha moja moja kwa macho hazitalingana na matundu. Changanya epoksi ya sehemu mbili, ile ya kukauka polepole sio ya dakika tano, jaza kuzunguka bushi mpaka nje ya kinguzo iwe kama kilima kidogo. Usiguse ekseli ya hinji, na usijaze juu kupita kimo cha awali la sivyo kava halitafunga. Acha saa 24 bila kuijaribu. Najua utataka kuijaribu, usijaribu.

Na kabla ya kufunga, legeza nati iliyo kwenye ncha ya hinji robo mzunguko. Kipimo ni hiki: ukifungua mfuniko kwa mkono mmoja mashine nzima ikinyanyuka kutoka mezani, hinji bado inakaza mno.

fundi_wa_pili
Mimi hapo kwa nati sikubaliani. Ukilegeza mfuniko unaanza kuanguka wenyewe, mteja anarudi. Mimi naweka tone la grisi tu naacha nati ilivyo.

BisibisiNambaSifuri
Grisi kwenye hinji ya kukwaruzana inaweza kuilegeza kuliko nati na huwezi kuirudisha. Lakini sawa, kila fundi na mkono wake.

fundi_wa_pili
Miaka yote naweka na haijaniangusha. Tutabishana mpaka kesho.

KonaImefunguka
Siku ya tatu, mrejesho. Nilisubiri saa 24 (nilijaribu saa ya 20, samahani mkuu). Nati nimelegeza robo, mfuniko unasimama vizuri mpaka ukiulaza sana nyuma ndo unateleza kidogo. Fremu imefunga, kava limefunga, kuna mstari mdogo kama unywele kwenye kona. Sasa nafungulia katikati sio kona tena, maana nimegundua miaka yote nilikuwa navuta upande wa kushoto kwa sababu mkono wa kulia huwa umeshika kikombe.

Kuhusu kununua nyingine nimeona mbili zilizotumika, moja alumini nzima na nyingine magnesiamu ina vipele viwili karibu na padi ya kugusia. Ya magnesiamu nimeishika mkononi ni nyepesi mpaka raha. Hivyo vipele vinaendelea au vinaweza kusimamishwa?

BisibisiNambaSifuri
Weka picha ya karibu. Na ubonyeze kwa kucha, uniambie kama rangi inapasuka au imeshika.

fundi_wa_pili
Chukua ya alumini.

MgongoUnauma
Kama huitaki hiyo ya magnesiamu nielekeze ilipo 👀